Mbuzi wa Mkojo wa Kwanza

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, najua baadhi yenu mtacheka mkiona bibi mzima anaandika habari za mkojo. Chekeni mmalize, halafu mrudi hapa. Mimi niliishia darasa la nne, sijui kuandika kwa kuzunguka. Nitasema mkojo na nitasema kibofu, na atakayeona aibu akasome kitu kingine.

Katika ukoo wetu, mtoto wa kiume akizaliwa, wakubwa wanapokezana kumpakata bila nguo. Si kwa sababu hatuna nguo. Tunamsubiri akojoe. Yule atakayelowa kwanza anamtolea mtoto mbuzi jike, na huyo ndiye mwanzo wa zizi lake. Mimi nimezaa wavulana wanne. Wa kwanza alimlowesha baba mkwe wangu kifuani, wa pili akapiga taa ya kandili ikazimika, wa tatu na wa nne sitaki kusema, maana wana vyeo sasa. Basi nikajua mkojo wa mtoto wa kiume unavyoruka. Nilijua hivyo kama ninavyojua uwele uliokomaa, kwa macho tu.

Mjukuu ninayemwandika hapa alizaliwa nyumbani kwangu Makutupora, kwa maana kwamba mama yake alijifungulia hospitali akaletwa kwangu siku ya pili. Baba yake ni mwanangu wa mwisho, dereva wa ofisi moja ya serikali mjini. Mama yake, mkamwana wangu, anafundisha watoto wa chekechea na ana subira kuliko mtu yeyote niliyewahi kumuona, labda kwa sababu ya kazi hiyo. Mama wa mkamwana wangu, yaani bibi mwenzangu, ana duka dogo Chang'ombe, anauza sabuni, mafuta na maneno.

Mbuzi nilikuwa nimemtenga tayari, mweusi mwenye doa jeupe. Nikavaa khanga kuukuu nikampakata mtoto uchi kwenye jua la asubuhi. Nikakaa. Nikakaa tena. Kikatoka kitu kama bomba lililochakaa mpira wa ndani, tone, tone, halafu basi. Khanga ikapata doa la ukubwa wa sarafu.

"Huyu hajalowesha mtu," nikasema. "Huyu amedondosha."

Bibi mwenzangu alikuwa amekuja na sabuni za mtoto. Akajibu, "Huyu amechukua damu ya kwetu, ana adabu. Sisi hatukojolei wakubwa."

"Kwa hiyo kwenu mnajizuia tangu mkiwa na siku nne?"

"Kwetu tunalelewa."

Nilimwachia hilo lipite, maana alikuwa mgeni na sabuni zake zilikuwa nzuri. Lakini kila siku nilimpakata tena, na kila siku ikawa tone, tone. Nikamuuliza mkamwana wangu, akasema, "Mama, mbona pampasi inalowa muda wote? Nabadilisha mpaka nachoka."

Na hapo ndipo pampasi ilipotudanganya sote. Pampasi inakuambia mkojo umetoka, haikuambii umetoka namna gani. Mtoto anayevuja kutwa nzima analowesha pampasi sawasawa na yule anayekojoa vizuri, tena huenda zaidi. Zamani tulifunga vitambaa, na kila tulipofungua mtoto alitupiga usoni, tukajua habari yake.

Siku ya kumi na moja akaanza kukataa ziwa. Ananyonya kidogo, anaacha, analia. Nikaivua ile pampasi saa nne asubuhi, nikasema leo haivaliwi mpaka nione. Mtoto akakunja miguu, akajikamua mpaka uso ukaiva kama pilipili. Vikatoka vitone saba. Nilivihesabu. Nikaweka mkono chini ya kitovu, nikakuta kitu kigumu cha mviringo, kama limao chini ya kitambaa. Nikaondoa mkono haraka kama nimeshika mali ya mtu.

Sasa sikilizeni nilivyokosea, ili msije mkaniona mjanja. Nilisema ni govi limebana. Nikampigia simu ngariba, mzee anayewatahiri watoto wa upande wetu tangu enzi, nikamwambia aje Jumamosi. Akakubali, akaniuliza kama kutakuwa na kuku. Nikasema kutakuwa na kuku.

Mkamwana wangu alikuwa anakunja nguo. Hakupandisha sauti. Akasema, "Mama, mimi simkatai mzee. Lakini mtoto hanyonyi. Kwanza kituo cha afya, halafu huyo mzee na kuku wake."

"Unanikatalia ndani ya nyumba yangu?"

"Nakukatalia, mama. Shikamoo."

Hiyo shikamoo katikati ya ubishi ilinifunga mdomo. Nikaitika marahaba, nikachukua khanga, tukaenda.

Pale kituoni tulimkuta muuguzi wa makamo, mnene, mwenye haraka. Akampima mtoto joto, lilikuwa juu kidogo. Akamuuliza mama maswali ya kunyonya na ya choo. Mimi nikasema, "Muulize habari ya mkojo." Akanigeukia. "Haya bibi, mkojo unatokaje?" Nikamweleza yote: vitone saba, kujikamua, limao chini ya kitovu, na wanangu wanne na ile kandili. Akaweka mkono wake pale nilipoweka wangu. Haraka yake yote ikaisha.

"Hili si govi, dada?" nikauliza.

Akalitazama. "Govi halijazuia kitu, kitundu kipo wazi. Kilichozuia kiko ndani. Huyu anakwenda mjini leo hii, na barua naandika sasa." Alipomaliza akaniambia, "Hayo uliyoniambia kayaseme hivyo hivyo kwa daktari. Umenifanyia nusu ya kazi."

Nilitembea kifua mbele mpaka kwenye gari. Nusu nyingine ya kazi sikuijua, ndiyo maana kifua kilikuwa mbele.

Hospitali kubwa ya mjini wakampaka mtoto ute wa baridi tumboni, wakatazama kwenye kioo. Daktari wa watoto alikuwa kijana, ningeweza kumzaa mwishoni mwishoni. Alisema kibofu kimejaa na ukuta wake umekuwa mnene, kwa sababu kimekuwa kikisukuma mlango uliofungwa tangu mtoto akiwa tumboni. Figo zote mbili zimevimba kwa mkojo uliorudi nyuma. Akanionesha picha ya kibofu na mwanzo wa njia yake, umbo kama tundu la ufunguo. Nikaona kweli, kama kitasa cha kabati langu.

"Mama mtoto hakufanyiwa kipimo hiki akiwa mjamzito?" akauliza.

"Nilifanya mwezi wa tano," mkamwana wangu akajibu. "Walituambia ni wa kiume tukafurahi, sikurudi tena."

"Wakati mwingine inaonekana mwishoni mwishoni, wakati mwingine haionekani. Usijilaumu."

Bibi mwenzangu, aliyekuwa amefika na chupa ya uji, akadakia, "Daktari, si kwa sababu alikula sana udongo? Nilimkataza."

"Hapana, mama."

"Basi ni pampasi," nikasema mimi.

"Hapana, bibi. Pampasi imeficha tu. Huyu amezaliwa na vijingozi vyembamba ndani ya njia ya mkojo, chini kidogo ya kibofu. Huwapata watoto wa kiume peke yao. Mkojo ukitaka kutoka, vinatanuka kama tanga na kuziba njia. Hakuna mtu aliyevileta."

Tukatazamana, mimi na bibi mwenzangu, kila mmoja akiwa amepoteza kesi yake.

Wakapitisha mrija mwembamba kwenye njia ya mkojo mpaka kibofuni. Mkojo ukaanza kutoka, ukatoka, ukatoka. Wakachukua damu kupima figo zinavyochuja uchafu, na namba ikawa kubwa kuliko inavyotakiwa kwa mtoto. Wakampa dawa ya kuua vijidudu kwa sindano, maana mkojo ulikuwa umeoza.

Hapa ndipo nilipofanya kosa langu la pili, na hili ni kubwa kuliko la kwanza.

Mkojo ulikuwa unaingia kwenye mfuko, muuguzi wa wodi anaumimina kwenye jagi lenye mistari, anasoma, anaandika. Mchana mmoja aliumimina, akaitwa kitanda kingine, akaliacha jagi mezani. Mimi sikulelewa kula chumba kimoja na jagi la mkojo. Nikalichukua, nikamwaga chooni, nikalisuuza kwa sabuni ya bibi mwenzangu, nikalirudisha linang'aa. Nikakaa nikisubiri kushukuriwa.

"Bibi, mkojo uko wapi?"

"Nimemwaga."

"Ulikuwa kiasi gani?"

Nilimuona usoni nikaogopa. Mkojo ulikuwa karibu nusu ya jagi, na moyoni niliona mwingi mno, nikadhani wakijua watasema mtoto anaisha. Nikamwonesha kwa vidole, robo. Akaandika robo.

Kumbe ile dripu ilikuwa inafuata yale maandishi. Njia ikifunguliwa baada ya kuziba muda mrefu, figo zinaachia maji na chumvi kwa fujo, na wao wanapima kinachotoka ili warudishe kinachofaa. Mimi nilikuwa nimemnyima mjukuu wangu maji kwa vidole viwili. Jioni wakampima uzito, umepungua. Midomo imekauka, utosi umebonyea. Muuguzi akaanza kukagua mrija, akaangalia sindano, hakuona tatizo.

Mkamwana wangu alikuwa ananitazama. Wale walimu wa chekechea wanajua mtu aliyemwaga kitu.

"Dada," nikamwambia muuguzi, "ile robo ilikuwa nusu."

Akavuta pumzi. "Bibi, wewe si ndiye uliyehesabu vitone saba?"

"Ni mimi."

"Sasa kwa nini hapa unahesabu kwa aibu?"

Wakarekebisha dripu, wakapima damu tena, usiku ukapita na asubuhi mtoto akanyonya. Kuanzia siku hiyo niliitwa "bibi wa jagi" na wodi nzima, na nilikatazwa kugusa chombo chochote kilichokuwa na mstari.

Namba ya figo ilipoanza kushuka wakampiga picha nyingine. Wakajaza kibofu kwa dawa inayoonekana kwenye eksirei, kupitia ule ule mrija, wakangoja akojoe huku wanapiga. Ikaonekana wazi: njia juu imetanuka kama kibuyu, halafu ghafla inakuwa uzi. Pale kwenye uzi ndipo palipo na vile vijingozi. Wiki iliyofuata alikuwapo daktari bingwa mwenye kamera nyembamba kama ujiti wa ufagio, akaingia kwa njia ile ile bila kupasua tumbo, akavikata. Alituambia kama njia ingekuwa finyu mno kwa chombo chake angefungua kitundu chini ya kitovu mkojo utokee hapo kwa muda, mtoto akue kwanza. Haikuhitajika. Wakamtahiri papo hapo, wakasema itampunguzia kupata vijidudu kwenye mkojo.

Ilibidi nimpigie ngariba. "Wamekuwahi," nikamwambia.

"Na kuku?"

"Kuku yuko hai, ana afya."

Mrija ulitolewa baada ya siku mbili. Muuguzi akasema mtoto alazwe wazi, tuangalie. Nikasogea na ile khanga yangu kuukuu. Bibi mwenzangu akaingia wakati huo huo, gauni la kitenge limetoka kwa fundi, akasema nimpishe amsalimie mjukuu kabla hajafungua duka. Akainama. "Mwanangu mwenye adabu," akamwambia.

Nyinyi mnaojua bomba la kumwagilia zabibu likitoka kwenye kiungio, hivyo hivyo. Ulikwenda juu, ukapinda, ukaanza kifuani ukamalizia kwenye mkufu. Muuguzi akatazama saa, akaandika. Wodi nzima ikacheka, hata mama mmoja aliyekuwa hajacheka tangu tulazwe. Mkamwana wangu alicheka huku machozi yanamtoka na hakuyafuta.

"Mbuzi jike," nikasema. "Na asiwe kilema."

"Huo ni mkojo wa hospitali," bibi mwenzangu akasema, anajipangusa. "Hauhesabiki."

"Mbona umeandikwa na serikali?"

Mbuzi alimleta baada ya wiki mbili, tena mzuri kuliko wangu, kwa ajili ya kunikomoa.

Kabla hatujaruhusiwa nilimuuliza yule daktari kijana, "Sasa amepona?"

"Njia imepona," akasema. "Figo ni habari nyingine, bibi. Ziliumia kabla hajazaliwa. Kukata vile vijingozi kumeziondolea mzigo, hakukuzifanya mpya. Namba ya damu itashuka mwaka huu wa kwanza. Ikishuka chini sana, tuna matumaini makubwa. Ikigoma juu, tujiandae."

"Kujiandaa na nini?"

"Wapo wanaokua mpaka uzee bila shida. Wapo ambao figo zinachoka polepole, utotoni au wakibalehe, mwili ukiwa mkubwa na figo zile zile. Hao huja kuhitaji mashine ya kusafisha damu au kupandikizwa figo. Sijui huyu ni yupi. Nikikuambia najua nitakuwa nakuonesha kwa vidole."

Kumbe na yeye alikuwa ameisikia habari ya jagi.

Mwaka ulipotimia namba ilikuwa imeshuka, lakini haikufika chini kabisa. Imekaa katikati, kama mgeni asiyesema anaondoka lini. Tukazoea: kila miezi kadhaa damu, mkojo, presha na ile picha ya ute wa baridi. Homa yoyote ni hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za maumivu za kujinunulia dukani, na mizizi ya kila mtu mwenye huruma, marufuku. Bibi mwenzangu alizitoa hizo dawa za maumivu kwenye rafu ya karibu akaziweka juu, akasema akizitaka mteja, yeye atatafuta ngazi.

Sasa mjukuu ana miaka saba, yuko darasa la kwanza. Mrefu kidogo kuliko nilivyoogopa, mwembamba, mbishi. Anakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi aliyefika bwawa la Mtera, maana figo zake hazijui kubana maji, zinayapitisha tu. Na kibofu chake, kwa kuwa kilijifunza kusukuma mlango uliofungwa, kimebaki kigumu na hakisemi mapema kwamba kimejaa. Kikichelewa kumwagwa kinarudisha mzigo kwenye figo. Kwa hiyo daktari akaagiza: akojoe kwa saa, kila baada ya saa mbili au tatu, asikie asisikie. Akimaliza asubiri kidogo, akojoe tena, kile kilichobaki kitoke.

Shuleni mwalimu alikuwa anamkatalia, anasema mtoto anatafuta kutoka nje. Na alipojilowesha wenzake wakamwimbia. Nikaenda mwenyewe. Nikamkuta mwalimu, kijana mpole tu, nikampa barua ya daktari. Akasoma, akaniomba radhi, akasema lakini wengine nao watataka kutoka.

"Watoke," nikasema. "Wakishakojoa watarudi. Mwanangu, wewe mwenyewe mara ya mwisho umekwenda saa ngapi?"

Akafikiri. "Asubuhi, bibi."

"Tangulia."

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Baba yake aliweka simu iwe inalia kila wakati wa kwenda chooni ukifika. Mtoto akaichukia. Siku moja Jumapili tumekaa kula ugali wa uwele na mlenda, baba yake yupo, mama yake yupo, bibi mwenzangu amekuja na gauni jingine. Simu ikalia. Mtoto hakuinuka.

"Simu inakuita," baba yake akamwambia.

"Mnakaa nyinyi, naenda mimi. Kila siku mimi tu. Mimi ndiye mgonjwa wa nyumba?"

Akaweka mikono chini ya mapaja, kama mtu aliyejifunga kwenye kiti. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumetoka hospitali, ile namba ilikuwa imepanda kidogo, kidogo tu, na sisi wakubwa wote pale mezani tuliijua. Yeye hakuijua. Alijua tu kwamba anasimamishwa peke yake kila simu ikilia, na watu wanamsindikiza kwa macho.

Nikamuona jinsi atakavyokuwa na miaka kumi na mitano, ana ndevu mbili, anajizuia kwa hasira mpaka figo zimalizike. Nikaweka tonge langu chini.

"Simameni," nikasema. "Wote. Kuanzia leo simu hii ikilia, nyumba nzima inakwenda chooni. Baba mtu na tai yako, mama mtu, mgeni aliyelowa na mgeni asiyelowa, hata mchungaji akija. Unakojoa, unahesabu mpaka ishirini, unakojoa tena, na ukitoka unakunywa kikombe cha maji. Asiyetaka asile kwangu. Na choo ni kimoja, kwa hiyo huyu anatangulia, halafu anasimama mlangoni kutuhesabia. Bibi mwenzangu, inuka, foleni nyuma yake inaanzia kwako."